Chumvi Yangu, Sifa Zake

Leo asubuhi Madamu ameyasoma maoni yangu mbele ya ofisi nzima, kwa ile sauti ya mwalimu anayesoma barua ya mapenzi aliyoinasa darasani. Maoni yenyewe sikumwandikia yeye. Nilimwandikia mkurugenzi wa ununuzi wa kampuni nyingine, mshindani wetu, kwa tamaa kwamba siku moja atauliza, "Huyu kijana wa Eldoret anayejua mahindi ni nani?" Madamu alipomaliza akavua miwani. "Kumbe ushauri unao. Sisi unatunyima kwa nini?" Wenzangu wote wakainamia vikombe vya chai.

Aliyaonea wapi? LinkedIn ni mmbea. Ukitoa maoni chini ya chapisho la mkubwa, mkubwa hupata taarifa, na hilo ndilo ulilolitafuta. Lakini chapisho hilohilo huweza kupelekewa pia watu uliounganishwa nao, jina lako likiwa juu kabisa, na maelezo kwamba wewe ndiye uliyetia neno. Na uliounganishwa nao ni akina nani? Bosi wako, uliyemwomba urafiki wiki ya kwanza kazini ili akuone una bidii.

Mkubwa mwenyewe naye huona kidogo sana. Maoni yana nafasi ya herufi 1,250, ila yakizidi mistari michache hukunjwa, na mtu mwenye haraka hayakunjui. Kwa hiyo hoja iwe kwenye sentensi ya kwanza. Salamu ukiziweka hapo, amesoma salamu tu. Chini ya jina lako huonekana maneno ya mwanzo ya wasifu wako, mengine hukatwa. Wangu ulianza hivi: "Mwenye shauku ya kuleta mabadiliko chanya". Tangu Eldoret iwe jiji Agosti 2024, wenye shauku hiyo tumejaa kuanzia Langas hadi Kapsoya. Ningeandika "Mkaguzi wa nafaka, Eldoret", angalau angejua anaongea na nani. Halafu maoni hayapangwi kwa zamu ya kufika. Mpangilio wa kawaida ni "Most relevant", ndiyo maana mimi niliyewahi alfajiri nilikaa chini ya bwana mmoja aliyeandika "Hongera mkuu!" na kujibiwa kwa moyo mwekundu.

Sasa sikieni nilichoandika. Mkurugenzi alikuwa akilalamika kwamba wakulima wa Moiben na Ziwa wanaleta mahindi mabichi, kisha wanagombana na mizani langoni. Kiwango kinachokubalika ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mkulima hakiamini kipimo asichokielewa. Nikamshauri aweke chupa ya kioo langoni. Chupa iwe kavu, chumvi nayo ianikwe hadi ikauke kabisa. Tia mahindi ya mkulima mwenyewe, tia chumvi, funga, tikisa vizuri, kisha acha kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, na mkulima ameona kwa macho yake. Atayarudisha kwenye turubai bila matusi. Nikamalizia kwa onyo: chumvi isipoganda, ujue tu kwamba unyevu umeshuka chini ya kama asilimia 15. Haisemi kwamba umefika 13.5. Hapo lazima mashine ya kupimia unyevu.

Hakujibu. Wiki iliyofuata akachapisha picha: chupa, chumvi, mahindi, na yeye mwenyewe akitabasamu. "Ubunifu wetu kwa mkulima." Jina langu halikuwamo. Hilo ningelimeza, maana maoni hayana hatimiliki. Lililonikera ni kwamba onyo pia halikuwamo. Aliandika kwamba chumvi isipoganda, mahindi yako tayari kwa ghala. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 14.5 yatapita kwenye chupa ile yakicheka, yatafungwa kwenye magunia, na baada ya muda yatapata ukungu. Ukungu huo unaweza kuleta sumu kuvu, nayo haiondoki kwa kuchemsha ugali. Na nani atapata hasara? Si mwenye picha.

Nikarudi nikaandika lile onyo tena, kwa adabu zote. Akanijibu kwa viganja viwili vilivyounganishwa.

Nami pia nimewahi kuyaharibu maoni mwenyewe. Mara nyingine niliandika "Nakubaliana kabisa" chini ya tangazo la msiba. Mara nyingine tena nilimwelezea meneja mmoja uhifadhi wa maharage, kumbe chapisho lilikuwa la harusi ya bintiye.

Nyinyi wenye kuamua, nawaombeni jambo moja. Mtu akikupa bure kitu kinachofaa kwenye maoni, chukua chote pamoja na sehemu inayokuharibia picha, kisha mpigie simu. Kama huna kazi ya kumpa, mtaje jina. Na wewe unayetaka kuonekana, kabla hujaandika chochote, angalia kwanza nani ameunganishwa nawe.