Nne ya Mzee wa Kijani

Kete yangu nyekundu ya ludo ilikuwa imetembea hatua 46. Zilibaki tano tu iingie kwenye njia yake ya nyumbani, ambako hakuna wa kuigusa. Nikarusha dadu, ikatua tano. Na muda si mrefu kete hiyo ikawa imerudi kambini, ikisubiri sita kama mgeni asiye na mwenyeji.

Kijiweni kwetu, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, lawama zote ni zangu. Lakini sikilizeni kwanza. Tano ileile iliweza kusogeza kete yangu nyingine, iliyokuwa hatua moja tu kutoka mlangoni, ikamle njano aliyeshatembea 32. Kula au kujificha? Mzee wa kijani alikuwa hatua nne nyuma ya kete yangu kubwa, na zamu iliyofuata ya kurusha ilikuwa yake. Kupata nne ni nafasi moja kati ya sita. Ongeza kidogo, maana akipata sita anaisogeza kete nyingine, anarusha tena, na nne inaweza kuja hapo. Zidisha kwa 46: hatari yangu ni kama hatua tisa.

Upande wa kula, njano anapoteza 32. Ila mchezo ni wa watu wanne. Ukimla mmoja, wawili wengine wanafaidi bila jasho, kwa hiyo faida yako ni theluthi tu, kama hatua kumi na kidogo. Ukiongeza kwamba aliyeliwa hatoki mpaka apate sita, na sita kwa wastani huja mara moja katika mirusho sita, kula kunashinda. Tungekuwa wawili tu, nisingefikiri hata sekunde.

"Kula, mwanangu! Kula!" walipiga kelele watazamaji. Nikala. Mzee akatikisa dadu kiganjani, akaiachia. Nne.

"Kijana, samahani," akasema, akaibana kete yangu kwa vidole viwili na kuirudisha taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Shikamoo, mzee," nikajibu. Sikuwa na neno lingine.

"Marahaba."

Hapa Kariakoo ubao wenyewe una upendeleo. Yanga wana rangi mbili, njano na kijani, na sisi wa Simba tuna nyekundu peke yake, tena karibu kabisa na klabu yetu. Njano akiliwa, kijani analipiza.

Bluu naye alinila mara mbili, hayo tuyaache.

Kinachonichoma ni kahawa. Anayeshindwa ndiye anayelipa, na wale waliopiga kelele "kula!" ndio waliotangulia kunyoosha mikono. Mmoja, kinywa kimejaa kashata niliyoilipia, akageuka kumweleza jirani yake kwamba mtu mwenye akili angeingiza kete nyumbani. Nikamuuliza kama si yeye aliyeniambia nile. Akaomba kikombe kingine.