Sifa za Kivumishi Kilichokalia Kiti cha Kielezi

Wengine wamesifu simba, wengine mvua ya masika. Mimi mwalimu wa Kiswahili huku Nambis, kwenye baridi ya Mbulu, naomba nikisifu kitu kilichonimalizia wino mwekundu kuliko kingine chochote: kivumishi kinachojipachika mahali pa kielezi. Ndicho kinachonipa "Ng'ombe wamelala wazuri", "Bibi anaimba mzuri" na "Maharage yamekauka mazuri".

Kwanza, tazameni adabu yake. Kielezi hakimwamkii mtu. Waje ng'ombe, aje bibi, yaletwe maharage, chenyewe ni "vizuri" tu, hakigeuzi hata silabi. Kivumishi chetu kimelelewa: kama mtoto wa nyumba isiyokosa wageni, humwamkia kila mmoja kwa cheo chake. Bibi hupewa "m-", ng'ombe "wa-", maharage "ma-". Na ni adabu ya kujitoa mhanga! Nomino imekaa mwanzoni mwa sentensi, kivumishi kiko mwishoni, katikati kimesimama kitenzi kizima kinachongoja kuambiwa kilitendeka vipi. Kivumishi hukiruka kitenzi hicho, kikaenda kuinama mbele ya nomino ambayo haikukiita. Kitenzi hubaki hakijaelezwa. Lakini heshima imefika.

Pia hakichagui msemaji.

Wako wanaosema kosa hili ni la Wairaqw, kwa kuwa Kiiraqw ni lugha ya Kikushi isiyo na ngeli zetu, au la Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Sikubali. Mgeni wa ngeli ungemtazamia asahau kupatanisha, na huyu anapatanisha hadi pasipotakiwa. Mtego umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Huku Mbulu tunalima vitunguu saumu, na mtoto husikia nyumbani: "Vitunguu vimekauka vizuri." Vi, vi, vi. Atajuaje kwamba ile "vi-" ya mwisho si ya vitunguu bali ni ya kielezi? Anahitimisha kuwa neno la mwisho hufuata la kwanza, anahamia gunia la pili, anasema "Maharage yamekauka mazuri". Amekokotoa sawasawa kutoka kwenye mfano mbovu. Mpe kitunguu kimoja, siri inafichuka: "Kitunguu kimekauka vizuri", si "kizuri". Ukigeuza umoja na wingi, kielezi hakitikisiki.

Na bado mtoto anayo haki ya kulalamika, maana "Maharage yametoka mazuri" ni sahihi, na "Walirudi wazima" pia. Pale tunasema maharage yakoje na watu wakoje, si kutoka au kurudi kulifanyikaje. Halafu si kila kivumishi hukubali "vi-". "Alikemea vikali" sawa, lakini ukianza tena unaanza "upya", si "vipya"; ukizungumza kwa muda mrefu, unazungumza "kwa kirefu". Ukiwa na nomino, unaiwekea "kwa": kwa bidii, kwa furaha, kwa upole. Au unatia "ki-" kwenye mzizi wake: shujaa hupigana kishujaa, na mzee anayenuna kama mtoto ananuna kitoto. Hakuna kanuni moja inayovimeza vielezi vyote, na anayedai ipo hajawahi kusahihisha daftari.

Sasa huyo "kwa". Katika mkutano wa hadhara, mkulima mmoja alisimama akasema: "Barabara yetu imechongwa mbaya." Kiongozi aliyekuja na gari akacheka, akamsahihisha mbele za watu: "Mzee, sema vibaya." Kisha akajibu hoja: suala hilo litashughulikiwa kwa haraka, kwa umakini, kwa weledi na kwa kuzingatia taratibu. Vielezi vinne, vyote fasaha, hakuna hata kimoja kilichoshika koleo! Mkulima alikosea kiambishi. Barabara ni mbaya kweli, na imechongwa vibaya kweli, kwa hiyo alisema mambo mawili ya haki kwa neno moja. Yule mwingine hakukosea kitu, na hakusema kitu. Tena nani atashughulikia? "Litashughulikiwa" imemficha mtendaji, na "kwa haraka" imepamba kazi isiyo na mwenyewe. Kivumishi changu mtukutu kisingekubali: kingetafuta nomino, kingeuliza ni nani huyo mwenye haraka, ili kimpe salamu yake.

Daftari za wanafunzi zitaendelea kurudi na "mazuri" imekatwa na "vizuri" imeandikwa juu. Waheshimiwa wakileta zao, "kwa haraka" nitaipa alama ya vema, na pembeni nitaandika kielezi kingine walichosahau, cha wakati: lini?