Marehemu Kapendeza

Hongera zenu, mafundi wa mabango ya matanga hapa Tezo. Zamani mzee wa Kigiriama wa chama cha Gohu akifa, alichongewa kigango: gogo la mti mgumu, kichwa bapa cha duara, pembetatu mwili mzima, sura yake mwenyewe hamna. Maskini wachongaji, hawakujua kwamba mtu hukumbukwa kwa meno meupe.

Siku hizi mjukuu anakipiga picha kitambulisho cha babu na kuikuza ile sura ndogo iliyofifia. Programu ikikosa cha kukuza, inajazia kwa kukisia, kutokana na maelfu ya nyuso za watu wengine ilizofunzwa nazo. Kovu la kuanguka mnazini huondoka kwanza, maana linadhaniwa doa. Mgema aliyeishi na shuka kiunoni anatokea na suti ya buluu, tai na mawingu nyuma. Mkono una vidole sita. Huenda huko aendako minazi ni mirefu zaidi.

Mjane akalitazama bango. "Na huyu mgeni wa nani?"

"Hawe, si tsawe huyo!"

"Basi mnipe pole mpya, huyu sijaolewa naye."

Wazee hawajui sanaa. Wala hawaoni faida: vigango viliibwa makaburini, vikauzwa hadi Marekani, na jumba la makumbusho la Denver likarudisha 30 mwaka 2019. Bango letu liko salama. Nani ataiba sura isiyo na mwenyewe?