Kuku wa Jirani na Pumba Zangu

Kuku wa jirani yangu hapa Ujiji wanakula vizuri kuliko mimi, na gharama nimelipa mimi. Nanunua mahindi sokoni Mwanga, nayapeleka mashine, namlipa fundi ayakoboe, kisha namlipa tena ayasage. Kati ya malipo hayo mawili, ganda la punje na kiini chake vinatokea upande wa pili vikiitwa pumba. Pumba zinaingia kwenye kiroba, kiroba kinabaki kwa mwenye mashine, na jioni jirani anakuja kukinunua. Mimi narudi nyumbani na unga mweupe pe, naambiwa huo ndio chakula cha watu.

Ukimwuliza mama watoto kwa nini tusile dona, atakuangalia kama umemtukana ukoo wake. Dona ni ya shule ya bweni. Dona ni ya magereza. Mgeni akikuta ugali wa kahawia mezani atakwenda kusema Kibirizi yote kwamba mzee fulani amefulia. Kwa hiyo tunakula weupe. Asubuhi uji wa sembe na slesi nne za mkate mweupe. Mchana ugali wa sembe na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Usiku ugali wa sembe na dagaa, na mboga ya majani kijiko kimoja pembeni, imewekwa pale kwa ajili ya kupendezesha sahani.

Halafu asubuhi mzee mzima anaingia chooni na kutoka baada ya muda ambao boti ya Kibirizi ingekuwa imeshafika kijiji cha pili, akiwa na jasho usoni na hana la kusimulia. Kikipatikana kitu, ni vidonge vikavu vya mbuzi.

Sasa ngoja usikie ushauri. Kigoma kila mtu ni daktari wa tumbo. Shemeji: kunywa maji. Fundi baiskeli: kunywa maji, mzee wangu. Mama mkwe, ambaye kwa adabu sikumwambia lolote lakini habari ilimfikia, alituma salamu na ujumbe kwamba baba anywe maji. Nikanywa. Ziwa Tanganyika lilinusurika kwa kuwa ni refu. Matokeo yake nilikesha nikienda haja ndogo, na asubuhi haja ile nyingine ilikuwa ngumu vilevile.

Na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana mwili hauendeshwi na shemeji. Mtu aliyekaukiwa maji akinywa atapata nafuu. Lakini ambaye hakuwa na upungufu, maji ya ziada hayateremki moja kwa moja hadi kwenye choo. Utumbo mwembamba unayanyonya, yanaingia kwenye damu, figo zinayachuja, unayakojoa. Choo kinabaki na ukavu wake kwa sababu ndani yake hakuna cha kuyashika maji.

Hapo ndipo zile pumba zangu zinapohusika. Kila siku utumbo mwembamba unamwaga kwenye utumbo mpana uji mwepesi wa lita moja na nusu hivi. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji hayo na kuyarudisha mwilini, na unaifanya kwa bidii isiyo na huruma: katika lita ile nzima na nusu, kinachoachwa kitoke ni kikombe kimoja tu au pungufu. Choo laini cha kawaida robo tatu yake ni maji. Kikikaa ndani siku moja zaidi kinanyonywa zaidi, kikikaa mbili kinanyonywa tena. Ugumu, basi, ni suala la muda mtupu: kimecheleweshwa.

Kinachokichelewesha ni udogo wake. Unga wa sembe na mkate mweupe ni wanga, na wanga mwingi unasagwa na kufyonzwa kabla ya kufika huko chini. Samaki anafyonzwa. Mawese yanafyonzwa. Mlo wangu wote wa heshima unaishia njiani, na utumbo mpana unapokea mabaki kidogo. Sasa kuta za utumbo zinasukuma pale zinapohisi kitu kimejaa na kuzitanua. Kisipojaa, hazina haraka. Nyuzinyuzi za ganda la punje hazimeng'enywi na tumbo la binadamu. Zinafika chini zikiwa nzima, zinashika maji, zinajaza nafasi, na zikiwa za chenga chenga zinakwaruza kuta kidogo hadi utumbo uamke. Zile laini zaidi, za maharage, mboga na matunda, zinaliwa na bakteria wa humo ndani. Bakteria wanazaliana kwa wingi, na miili yao wenyewe, ambayo imejaa maji, inakuwa sehemu kubwa ya mzigo unaotoka. Ukiwapa sembe tupu, bakteria wanapata makombo tu, nao hawana sababu ya kuzaliana kwa ajili yako.

Haya si maneno ya mganga wa Mwanga. Kulikuwa na daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, yule ambaye saratani ya taya za watoto imepewa jina lake. Alifanya kazi Uganda miaka mingi, Lira na kisha Mulago, na mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo ambavyo mtu mwingine angeona haya kuvichukua. Waliwapa watu punje ndogo za plastiki wameze, zile zinazoonekana kwenye eksirei, wakakusanya kila choo kwenye mifuko, wakapiga picha mifuko hiyo na kuhesabu ni lini punje zimetoka. Wanamaji wa Kiingereza na wake zao, watu wa mkate mweupe, walitoa wastani wa gramu 104 kwa siku, na punje ziliwachukua saa 83 kupita. Wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, walitoa gramu 470, na punje zilipita kwa saa 36. Burkitt baadaye aliyanyoosha maelezo hayo hadi kwenye magonjwa mengi mno, na si yote yaliyothibitika. Lakini hili la uzito na mwendo limesimama: watu wakilishwa pumba za ngano makusudi, choo chao kinaongezeka gramu tano hivi kwa kila gramu ya nyuzinyuzi. Na pumba za chenga zinafanya kazi kuliko zilizosagwa hadi zikawa poda.

(Ujiji, kwa taarifa yako, ina historia katika jambo hili. Dakta Livingstone, tunayewaonesha wageni mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, alikuwa mgonjwa wa bawasiri wa miaka mingi. Na vidonge vyake maarufu vya homa vilikuwa kwinini iliyochanganywa na dawa kali za kuharisha.)

Basi nikaketi kupiga hesabu ya meza yangu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema mtu mzima ale nyuzinyuzi gramu 25 kwa siku au zaidi. Unga uliokobolewa una gramu 3 au 4 katika kila gramu 100, na ukikobolewa sana unashuka chini ya hapo. Mimi kwa uji na ugali namaliza gramu 300 za unga kwa siku, basi tuseme nimepata 10. Slesi nne za mkate mweupe zinaongeza 3. Migebuka sifuri, dagaa sifuri, mawese sifuri. Kijiko cha mboga tukihesabu kwa huruma, 1. Jumla 14, yaani nusu ya deni na kidogo juu yake. Gramu 300 zilezile zingekuwa dona, ambayo ina 7 katika kila 100, ningekuwa na 21 kabla sijagusa mboga. Na sahani moja ya maharage yaliyopikwa, gramu 200 hivi, ingeleta 12 au zaidi peke yake.

Shemeji aliposikia hesabu hiyo akarukia: basi hamia ugali wa muhogo, chakula cha wazee wetu. Nilimkatalia papo hapo. Muhogo ukishamenywa, ukalowekwa, ukaanikwa na kusagwa, ni wanga vilevile. Hauna ganda la nafaka. Wazee waliopata choo walikuwa wakiula na maharage na isombe bakuli zima. Tumerithi ugali, tukaacha bakuli.

Nikaleta dona nyumbani, nikiwa mtu wa pupa, na pamoja nayo maharage mchana na usiku. Tumbo lilijaa gesi hadi nikaombwa nihamie barazani. Bakteria wale wanapolishwa ghafla baada ya njaa ndefu wanatoa hewa, na inafaa kuwaongezea kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Na hapa ndipo maji ya mama mkwe yanapopata kazi: nyuzinyuzi nyingi bila maji ya kutosha zinaweza kuufanya mzigo kuwa mgumu zaidi.

Dona ina lawama zake pia, na mama watoto alizitaja zote. Kiini cha punje kina mafuta, kwa hiyo unga wake unachacha upesi. Lazima usage kidogo kidogo, na kwenda mashine mara kwa mara, na anayetumwa ni mimi. La pili ni zito kuliko hilo. Sumukuvu ya mahindi hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza sana. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo dona ni ya mahindi yaliyokauka vizuri tu, na punje zenye ukungu, zilizovunjika au kubadilika rangi zinachambuliwa na kutupwa. Hata kuku usiwape. Mchambuaji naye ni mimi.

Nilimwuliza mganga wa zahanati kama nimemaliza matatizo. Akasema inategemea. Vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za maumivu na za presha hufunga choo hata ukila gunia la pumba, na kuna utumbo mvivu ambao pumba zinauzidishia tu gesi. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, au choo kikibadilika ghafla ukiwa umevuka miaka hamsini, uende ukapimwe. Tumbo likijaa na kuuma, unatapika, na hata hewa haitoki, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Mimi sikuwa na dalili hizo. Nilikuwa na sembe. Na baada ya wiki kadhaa za dona, maharage na bakuli la isombe, mambo yalilainika kiasi kwamba mama watoto mwenyewe alikubali tufikie mapatano: dona kwa watu wa nyumbani, sembe kwa wageni. Nikatia saini kwa furaha. Tangu hapo nyumba haijakauka wageni. Leo mjomba kutoka Kasulu, keshokutwa mashemeji wa Uvira, na kwa adabu za kwetu mwenye nyumba anakula sahani moja na mgeni wake.