Namna ya Kununua Pawatila Isigeuke Kiota cha Kuku

Mwongozo huu ni wako wewe mkulima wa Mahongole uliyeuza viazi na mahindi, ukashika fedha, na sasa hulali kwa sababu ya pawatila. Umeiona ikishuka barabara ya Makambako na tela lake limejaa watu, kila mmoja akipunga mkono, na moyo wako umeshalipa. Subiri kidogo. Chukua daftari la mtoto wa shule na kalamu, ufuate hatua hizi bila kuruka hata moja, hasa ile itakayokuudhi.

Hatua ya kwanza ni kuacha kukariri bei. Bei ya dukani inakuambia fedha zitakazotoka leo tu. Wewe unatafuta jambo jingine: kila ekari utakayolima kwa mashine hii itakuwa imekula shilingi ngapi, na ekari hiyo hiyo ungeilipia kiasi gani ukikodi? Bila namba ya pili, ya kwanza haina maana.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja, kwa bei za mfano ambazo utazibadilisha kwa zile utakazokuta sokoni. Tuseme una ekari 6. Pawatila yenye plau na tela inauzwa milioni 9. Utaitumia miaka 8, kisha utaiuza kwa milioni 2. Basi mashine itakula milioni 7, si milioni 9, kwa sababu kile utakachorudishiwa hakijaliwa. Kama umenunua kwa mkopo, riba yote iongeze hapo hapo, wala usiifiche kwenye ukurasa mwingine wa daftari.

Ekari 6 kwa miaka 8 ni ekari 48. Gawa milioni 7 kwa 48: kila ekari imekula karibu shilingi 146,000 kabla hujaweka hata tone la dizeli. Sasa ongeza dizeli, oili, mikanda, plau inayolika na chakula cha kijana anayeshika mashine. Tuseme yote ni shilingi 35,000 kwa ekari. Jumla ni shilingi 181,000. Na mwenye trekta kubwa anayekuja kukulimia, tuseme, anataka 70,000. Yaani kila ukimaliza ekari moja kwa mashine yako mwenyewe, umelipa zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya kukodi, na jasho juu yake, maana pawatila haina huruma: unatembea nyuma yake hatua kwa hatua na mikono inatetemeka mpaka usiku.

Usifunge daftari kwa hasira. Igeuze hesabu upande wa pili, kwa sababu huko ndiko kwenye jibu. Kila ekari unayolima mwenyewe inakuokolea tofauti ya kukodi na kuendesha: 70,000 toa 35,000, zinabaki 35,000. Milioni 7 gawa kwa 35,000 ni ekari 200. Hizo ndizo ekari ambazo mashine lazima izilime kabla haijaanza kukulipa, na kwa miaka 8 ni ekari 25 kila mwaka. Zako ni 6. Andika chini ya ukurasa kwa herufi kubwa: zinatafutwa ekari 19.

Hapa ndipo watu wazima huanza kujidanganya, na hatua ya pili ipo kwa ajili ya kuwazuia. Mtu akishaona namba haitoshi, huanza kuongeza safari. Anaenda na pawatila kununua chumvi. Anaenda nayo msibani, arusini, kumsindikiza mgeni hadi stendi. Kila safari anachora kistari kwenye daftari na kufurahi kwamba mashine inatumika. Ndugu yangu, safari ambayo usingeilipia hata senti kama mashine isingekuwepo haipunguzi gharama. Imeongeza dizeli tu. Tumizi linahesabiwa pale tu lilipochukua nafasi ya fedha ambayo kweli ingetoka mfukoni, au ya kazi ambayo kweli ungeifanya kwa mgongo wako. Kwenda kununua chumvi kwa mguu ni bure.

Tela lina haki yake, lakini lihesabu kwa haki. Kusomba mahindi kutoka shambani, kupeleka mbolea, kuteremsha viazi hadi barabarani: hizo ni safari ambazo watu hulipia. Tuseme kila moja ungelipa 10,000 na dizeli yako ni 4,000, basi umeokoa 6,000. Safari 40 kwa mwaka ni shilingi 240,000, na kwa miaka 8 ni 1,920,000. Toa kiasi hicho kwenye milioni 7, zinabaki 5,080,000, na ekari zinazohitajika zinashuka kutoka 25 hadi 18 kwa mwaka. Tela, basi, ni msaada mkubwa, ila halijamaliza deni.

Hatua ya tatu ni kuuliza udongo. Kuna Mahongole nyingine mkoani Mbeya, kata ya wilaya ya Mbarali, wilaya ya bonde la Usangu na mpunga wake. Pawatila ilizoeleka Asia kwenye majaruba ya mpunga, kwenye tope na ardhi tambarare. Ukifunga magurudumu ya chuma na majembe yale yanayozunguka, inavuruga tope la jaruba vizuri kabisa, na kwenye skimu ya umwagiliaji inaweza kupata kazi zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka. Mahongole yetu ya Makambako ni ya mahindi, maharage na viazi, ardhi ya mwinuko inayokauka na kushikana wakati wa kiangazi. Mashine ni ile ile na bei inaweza kuwa ile ile, lakini gharama ya kila ekari ni tofauti.

Nchi nzima ililiona jambo hili. Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, halmashauri zilihimizwa kununua pawatila, na zikasambazwa kwenye mabonde ya mpunga na kwenye ardhi ngumu vilevile. Kwenye ardhi ngumu nyingi ziliishia kuvuta tela. Hazikuwa mashine mbovu. Zilikosa tu ekari za kugawia bei yake, na mashine isiyo na ekari hukaa chini ya mti mpaka kuku aingie kwenye kiti na kutaga.

Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia rangi. Mtafute mwenye pawatila, mlipe akulimie robo ekari shambani kwako, tena mahali pagumu kuliko pote. Tembea nyuma yake na kijiti chenye alama ya inchi 6. Kijiti kikigota kabla ya alama, au magurudumu yakizunguka bila mashine kwenda mbele, au ukimwona mwenyewe anaokota mawe ya kuongeza uzito, umepata jibu kwa bei ya robo ekari. Ni jibu la bei nafuu sana.

Hatua ya nne ni kalenda, na hii ndiyo wauzaji hawaigusi. Trekta kubwa linaweza kuchana ardhi kavu mwezi Oktoba. Pawatila kwenye udongo wetu inasubiri mvua ilainishe, na mvua zetu huanza kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Desemba. Mahindi nayo hayataki kuchelewa. Una kama wiki nne. Toa Jumapili, toa siku za mvua kubwa, toa misiba, toa siku ambayo mkanda umekatika na fundi hapatikani. Tuseme zinabaki siku 16. Kwenye udongo uliolainika pawatila inalima ekari moja hadi mbili kwa siku. Shika moja na nusu. Ni ekari 24. Uliambiwa unahitaji 18 pamoja na tela, au 25 bila tela. Yaani ukiwa na tela inawezekana, bila tela imepungua ekari moja; nafasi ni nyembamba, na kila siku ya kuharibika inaila. Ndiyo maana kabla ya kulipa ingia maduka ya vipuri ya Makambako ukaulize mikanda, vichujio na beringi za aina hiyo hasa. Kipuri kinachosubiriwa wiki moja kutoka Dar es Salaam wakati wa kulima kimekula ekari sita au zaidi.

Sasa niitetee pawatila, maana hesabu hii ina upungufu wake. Ukikodi, unasimama kwenye foleni. Mvua ikinyesha, kila mtu anamtaka mwenye trekta wiki ile ile, na mwenye ekari 6 huambiwa asubiri mwenye ekari 30 amalize. Anayepanda kwa kuchelewa anavuna kidogo, na magunia yaliyopungua ni gharama ya kukodi hata kama hayapo kwenye risiti. Yaweke kwenye hesabu. Tuseme kuchelewa hukupotezea gunia moja kwa ekari, nalo lina thamani ya shilingi 50,000: basi kukodi hakukugharimu 70,000 bali 120,000, na kwa ekari zako mwenyewe mizani inahama. Lakini usikisie. Kodi msimu mmoja ukiwa na daftari. Andika siku mvua ilipotosha kulima, siku trekta lilipofika, fedha uliyolipa na magunia uliyovuna. Ukurasa huo una thamani kuliko maneno ya mtu yeyote anayekuuzia kitu.

Hatua ya mwisho ni majirani. Wakulima wanne wenye ekari 6 kila mmoja wana ekari 24, na kila mmoja anachangia milioni 2 na robo badala ya 9. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu ya swali moja, nani analimiwa kwanza, basi lijibuni kwa maandishi kabla ya kununua: zamu inazunguka, aliyekuwa wa kwanza mwaka huu anakuwa wa mwisho mwaka ujao, na hakuna anayelima ekari ya sita kabla kila mmoja hajapata ya kwanza. Kila ekari, ya mwanachama au ya mtu wa nje, ilipiwe dizeli na akiba ya matengenezo siku hiyo hiyo. Mashine ambayo wote wanaitumia na hakuna anayeitia oili haitafika mwaka wa 8, na mkikomea mwaka wa 4 gharama ya mashine kwa kila ekari, kabla ya dizeli, imeongezeka karibu mara mbili.

Hukumu yangu ni hii. Una ekari 6, uko peke yako, na trekta hukufikia kwa wakati: kodi, na fedha zako ziweke kwenye mbolea na mbegu. Trekta halikufikii kwa wakati, na una majirani watatu mnaoaminiana: nunueni moja, na daftari likae kwa yule asiyeshika ufunguo. Unataka kununua peke yako: nipe kwanza orodha ya watu wenye zile ekari 12 zinazobaki baada ya zako na za tela, ambao wameshakulipa kishika uchumba. Ahadi za kilabuni sizihesabu.