Namna ya Kukifunga Kitengo Kinachowalisha Wengine: Mwongozo kwa Mtahiniwa Asiye na Haraka ya Kufaulu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtahiniwa anayependa kulirudia somo la uhasibu wa menejimenti. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hufanyika Mei na Novemba, kwa hiyo ukianguka mara hii, nafasi nyingine haiko mbali. Na katika maswali yote ya somo hilo, hakuna yanayoangusha kwa ulaini kama swali la "tutengeneze wenyewe au tununue" na pacha wake, "tukifunge kitengo hiki au tuendelee nacho". Jibu la makosa huwa mtunga swali ameshakupigia hesabu yake na kuliweka kwenye jedwali. Kazi iliyobaki ni kulinakili.

Tuchukue swali la kawaida. Kampuni inatengeneza majiko ya mkaa, yale ya bati nje na udongo uliochomwa ndani. Kila mwaka inahitaji vipande 10,000 vya huo udongo wa ndani, na inavichoma yenyewe kwenye tanuru lake. Jedwali linasema kipande kimoja kinagharimu shilingi 4,000: malighafi 1,200, ujira wa vibarua 800, gharama nyingine za uzalishaji zinazobadilika 400, na gharama zisizobadilika 1,600. Mfinyanzi wa jirani amejitokeza na kusema atavileta hadi mlangoni kwa shilingi 3,000.

Hapa usisite. Toa 3,000 kwenye 4,000, zidisha kwa 10,000, andika kwamba kampuni itaokoa shilingi milioni 10 kwa mwaka, kisha neno "inunue" ulipigie mistari miwili. Muhimu zaidi, usisome yaliyo chini ya jedwali. Huko chini kuna maelezo madogo madogo yenye herufi ndogo, na yana tabia ya kuharibu hesabu nzuri.

Jirani yako wa dawati la kushoto, mwenye kiherehere cha kufaulu, atayasoma. Atagundua kwamba zile 1,600 si kitu kimoja. Kwa mwaka ni milioni 16, na zimegawanyika hivi: milioni 4 ni mshahara wa msimamizi wa tanuru, ambaye mkataba wake utasitishwa kama kampuni itanunua, milioni 5 ni uchakavu wa tanuru, na milioni 7 ni mgao wa kodi ya makao makuu na mishahara ya wakubwa. Kisha atauliza swali moja kwa kila shilingi: tukinunua, hii inaondoka au inabaki?

Mshahara wa msimamizi unaondoka. Uchakavu haumtoi mtu shilingi mfukoni: tanuru lilishanunuliwa, fedha zilishatoka, na zile milioni 5 ni mwandiko wa vitabuni tu. (Tanuru lingekuwa na neno la kusema endapo swali lingetaja kwamba linaweza kuuzwa leo kwa bei fulani; hapo ile bei ndiyo ingeingia kwenye hesabu, si uchakavu.) Na ule mgao wa makao makuu unabaki palepale. Wapangaji watatu wakichangia kodi ya nyumba na mmoja akahama, mwenye nyumba hapunguzi kodi. Wawili waliobaki ndio wanaojua.

Kwa hiyo jirani ana gharama zinazobadilika 2,400 kwa kipande, yaani milioni 24, anaongeza milioni 4 za msimamizi, anapata milioni 28 za kutengeneza. Kununua ni milioni 30. Anaandika "itengeneze" na kuonyesha nafuu ya milioni 2. Wewe umeokoa milioni 10 ambazo hazipo, na umefanya hivyo kwa nusu ya muda wake.

Ikiwa una bidii ya ziada, kuna mtego mwingine kwenye ujira. Mwanafunzi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba ujira wa moja kwa moja ni gharama inayobadilika, na imani hiyo usiiguse. Lakini swali likisema wachomaji wameajiriwa kwa mkataba wa kudumu na watalipwa hata kama tanuru litazimwa, basi ile 800 haiondoki, na gharama husika ya kutengeneza inashuka kwa milioni 8. Aina ya gharama haitoshi kuamua. Kinachoamua ni kama uamuzi unaibadilisha. Sentensi hiyo uiruke.

Sasa mtunga swali anaongeza kiungo. Kampuni ikiacha kuchoma, lile banda la tanuru litakuwa tupu, na muuza saruji yuko tayari kulipanga kama ghala kwa milioni 3 kwa mwaka. Hii ndiyo gharama ya fursa iliyoachwa, na inakosewa kwa namna mbili. Namna ya kivivu ni kuipuuza kwa sababu haimo kwenye jedwali la gharama. Namna ya kitaalamu ni kuihesabu mara mbili: unaiongeza kwenye kutengeneza, kwa kuwa ukitengeneza unaikosa kodi, ukapata milioni 31, kisha unaitoa kwenye kununua, kwa kuwa ukinunua unaipata, ukapata milioni 27. Tofauti milioni 4, jibu "inunue". Neno la jibu ni sahihi, na ndiyo maana kosa hili ni tamu: unatoka chumba cha mtihani ukitabasamu. Jirani ameiweka upande mmoja tu, akapata 31 dhidi ya 30, nafuu ya kununua milioni 1. Angeiweka upande ule mwingine tu, 28 dhidi ya 27, angepata milioni 1 ileile. Nafuu inayobadilika ukihamisha namba kutoka upande huu kwenda ule ni dalili kwamba namba hiyo imelipwa mara mbili.

Kwa kawaida pia atakuwepo mshauri. Kampuni ilimlipa milioni 2 mwezi uliopita achunguze kama kununua kuna faida. Mjumuishe kwenye gharama za kununua, kwa kuwa ndiye aliyeshauri kununua, na haki ni haki. Usikumbuke kwamba amelipwa tayari na kwamba hata kampuni ikiamua kutengeneza, hatarudisha kitu.

Tugeukie pacha wa pili. Kampuni ileile ina vitengo vitatu: majiko, mabeseni na karai. Taarifa ya mwaka inaonyesha majiko yamepata faida ya milioni 20, mabeseni milioni 11, na karai zimeleta hasara ya milioni 6. Kwa jumla kampuni ina milioni 25. Mkurugenzi anapendekeza karai zifungwe, ili kampuni ibaki na milioni 31. Wewe ni nani umpinge mkurugenzi? Andika barua ya kumpongeza, kwa mpangilio mzuri wa ripoti, maana mpangilio nao una alama.

Jirani anazifungua karai. Mauzo milioni 60, gharama zinazobadilika milioni 42, mchango milioni 18. Gharama zisizobadilika milioni 24, ambazo kati yake milioni 9 ni za kitengo chenyewe, yaani msimamizi, bima ya mashine za karai na kodi ya duka lake, na milioni 15 ni mgao wa makao makuu. Ukifunga, unapoteza mchango wa 18 na kuokoa 9. Zile 15 zinahamia kwa majiko na mabeseni. Faida ya kampuni inakuwa 31 kutoa 15, yaani milioni 16. Mkurugenzi aliyetaka kupanda kutoka 25 hadi 31 ameshuka milioni 9, na mwakani huenda mabeseni ndiyo yakaonekana kuleta hasara, kwa mzigo uleule uliobadilisha bega. Basi nayo yafungwe. Kwa njia hiyo kampuni yenye faida inaweza kufungwa yote, hatua kwa hatua, huku kila hatua ikiwa na jedwali linaloiunga mkono.

Mtahiniwa aliyekwisha kunaswa hapa mara moja huja na kanuni ya kukariri: mchango ukiwa chanya, kitengo kisifungwe kamwe. Kanuni hiyo ninaipendekeza kwa moyo wote, kwani mtunga swali anaifahamu. Mtihani unaofuata atageuza mgawanyo: gharama za kitengo chenyewe zitakuwa milioni 20 na mgao milioni 4. Mchango bado ni 18, hasara bado ni 6, ila sasa kufunga kunaokoa 20 na kupoteza 18, na kampuni inapata milioni 2 zaidi. Mchango unapimwa dhidi ya gharama zinazoepukika, si dhidi ya sifuri.

Pia kuna muda. Mgao wa makao makuu hauepukiki mwaka huu kwa sababu mkataba wa jengo haujaisha. Swali likisema mkataba unaisha miezi michache ijayo na kampuni inaweza kuhamia jengo dogo, sehemu ya zile milioni 15 inaanza kuepukika.

Halafu kuna kiinua mgongo, ambacho mtunga swali hukiweka aya ya mwisho, mahali ambapo macho yameshachoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inataka mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu kama hii alipwe angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliotumikia mfululizo, kwa kikomo cha miaka 10. Tuseme kwa wafanyakazi wa karai inafika milioni 3. Hiyo ni gharama husika kamili, kwa kuwa inazaliwa na uamuzi wa kufunga. Lakini inalipwa mara moja. Hivyo, kwa ule mgawanyo wa awali wa 9 na 15, mwaka wa kwanza kufunga kunaiumiza kampuni milioni 12, na miaka inayofuata 9. Ukitaka kupoteza alama kwa utulivu, iache; ukitaka kuzipoteza kwa kishindo, ilipe kila mwaka.

Mwishoni swali huomba mambo mengine ya kuzingatia. Hapa andika orodha uliyoibeba kichwani tangu nyumbani: ubora, uaminifu wa msambazaji, ari ya wafanyakazi, mazingira. Usiihusishe na udongo, tanuru wala mfinyanzi. Jirani yako, ambaye kufikia sasa ameanza kukuchosha, ameandika kwamba nafuu ya kununua ni milioni 1 tu kwa vipande 10,000, yaani shilingi 100 kwa kipande. Mfinyanzi akipandisha bei kutoka 3,000 hadi 3,100 imekwisha, na wakati huo tanuru litakuwa limebomolewa na banda limejaa saruji. Amependekeza bei ifungwe kwa mkataba wa maandishi kabla ya msimamizi kupewa barua yake, na mkataba wa muuza saruji usiwe mrefu kuliko ule wa mfinyanzi.