Barua ya Wazi kwa Kamishna Mwenye Busara Zake

Mheshimiwa Kamishna,

Barua yako nimeipata, na ninashukuru kwa heshima. Duka langu la misumari na mabati, kumbe linauza kuliko ninavyojua mimi mwenyewe.

Unaniambia nina malimbikizo ya shilingi 9,000,000 ya miaka mitatu. Kwa lugha ya dukani, hiyo ni kodi iliyopitisha siku yake ya kulipwa. Yangu imezaliwa ikiwa na ndevu.

Kiasi hicho umekipata "kwa kadiri ya busara ya Kamishna". Maana yake ni kwamba hesabu zangu hukuziamini, ukakadiria kwa taarifa ulizonazo. Sheria inakuruhusu, na mzigo wa kuonyesha umekosea ni wangu. Taarifa zenyewe ni akaunti yangu ya benki, na kila kilichoingia umekiita mauzo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha mtaa. Alhamisi jioni kina mama hunikabidhi hisa na marejesho, Ijumaa naweka benki. Mama aliyekopa na kurejesha mara nne, kwako amenunua mabati mara nne, wakati nyumba yake bado ni ya makuti.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inanipa siku 30 za kupinga tangu barua inifikie. Yako imeandikwa tarehe 2, ikanifikia tarehe 19, ndiyo maana nilisaini daftari la mhudumu wako kwa tarehe 19, ingawa alininunia. Kodi ninayoikubali ni 2,000,000. Theluthi ya makadirio yako ni 3,000,000. Na pingamizi halipokelewi mpaka nilipe iliyo kubwa kati ya hizo, labda unihurumie nikiomba kwa maandishi. Yaani ili nikuambie sidaiwi milioni saba, nikupe kwanza milioni moja kati ya hizo saba. Busara hiyo nimeikubali.

Unataka pia nitoe sababu kwa nini nisichukuliwe hatua. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya kusikilizwa, na nikinyamaza itaandikwa kwamba sina la kusema. Basi nimeambatanisha daftari la kikoba, kurasa zote, pamoja na taarifa ya benki iliyotiwa alama ya wino mwekundu kila Ijumaa. Nakala yangu nimeigongesha muhuri wa masjala yako, maana barua za walipakodi huwa zina miguu.

Mwisho unadai nitekeleze matakwa yako mara moja. Kwa Kiswahili cha sokoni: barua ijayo haiji kwangu, inakwenda benki, nayo itakulipa kutoka kwenye akaunti yangu. Fanya hivyo, Mheshimiwa. Ila humo mna hisa za kina mama 24, na ghorofa ya ofisi yako nimeshawaelekeza.

Wako mtiifu,
Mweka Hazina